Sentensi moja yenye lugha mbili kwenye picha: neno lipi libaki, lipi litafsiriwe

Tuchukue kazi ya aina hii. Mteja ametuma picha ya karatasi iliyobandikwa kando ya tanuri la kiwandani. Mwandiko ni wa mkono, kwa kalamu nene, mstari mmoja tu. Sentensi ni ya Kifaransa, ila imechanganyika na Kiingereza, na mteja anaitaka kwa Kiswahili:

```
Ne pas appuyer sur RESET avant que le voyant vert ne s'éteigne,
sinon restart complet du four
```

(Nimeigawa mistari miwili ili isomeke hapa. Kwenye karatasi ni mstari mmoja.)

Maneno ya Kiingereza humo ni mawili, RESET na restart. Moja litabaki lilivyo, jingine litatafsiriwa. Hatua zifuatazo zinaonyesha namna ya kufikia uamuzi huo.

Hatua ya 1: Nakili kabla ya kutafsiri

Andika kila herufi unayoiona, usisahihishe kitu. Mwandishi asipoweka alama juu ya herufi, nawe usiiweke. Akiandika neno kwa herufi kubwa, liandike kwa herufi kubwa. Herufi iliyofichwa na mng'ao wa taa au kukatwa na ukingo wa picha iwekee [?]. Ukianza kutafsiri moja kwa moja kutoka kwenye picha, jicho litajaza pengo kwa neno la lugha unayoizoea zaidi, na hutajua kwamba limefanya hivyo.

Hapa herufi kubwa ni ushahidi. RESET limeandikwa hivyo ilhali maneno mengine yote ni ya herufi ndogo, na karibu kila mara hiyo ni dalili kwamba mwandishi ananakili maandishi yaliyo mahali pengine. Kama karatasi nzima ingekuwa ya herufi kubwa, dalili hiyo ingepotea, na ingekubidi uombe picha ya paneli ya mashine.

Hatua ya 2: Tafuta lugha inayobeba sentensi

Usihesabu maneno. Tazama maneno madogo: kanushi, viunganishi, vihusishi. Hapa ni *ne pas*, *sur*, *avant que*, *sinon*, *du*. Yote ni ya Kifaransa, kwa hiyo Kifaransa ndicho kinachobeba sentensi, na Kiingereza kimedandia. Mwanaisimu Carol Myers-Scotton aliijenga nadharia yake ya mwaka 1993 juu ya tofauti hiyo hiyo, na sehemu kubwa ya mifano yake ilikuwa mazungumzo ya Kiswahili na Kiingereza.

Faida yake inaonekana kwenye neno la mwisho, *four*. Anayepitisha jicho haraka, akiwa ametoka kusoma restart, atadhani bado yuko kwenye Kiingereza na kuona namba nne. Lakini kabla yake kuna *du*, na *du* haliwezi kutangulia neno la Kiingereza lenye maana ya nne. Hilo ni tanuri. Neno lenye umbo moja katika lugha zote mbili liamuliwe na jirani yake mdogo, si na sura yake.

Na ile *ne* kabla ya *s'éteigne* si kanushi. Ni desturi ya Kifaransa baada ya *avant que*, kama sisi tunavyosema "kabla haijazimika" bila kukusudia kukanusha chochote.

Hatua ya 3: Uliza kila neno lililodandia linafanya kazi gani

Hapa ndipo pa kutulia. Usiulize kwanza neno lina maana gani. Uliza msomaji atalitumia kufanya nini.

RESET ni jina lililochapishwa kwenye kitufe. Msomaji atasimama mbele ya mashine akitafuta maandishi hayo kwa macho. Ukiandika "kitufe cha kuanzisha upya", umetafsiri maana vizuri na umemnyang'anya kitu pekee alichokihitaji, kwa sababu hakuna kitufe chenye maandishi hayo. Litabaki, herufi kwa herufi.

Restart ni kitu kingine. Halielekezi kwenye maandishi yoyote, linaeleza kitakachotokea. Mwandishi ametumia Kiingereza kwa kuwa ndivyo mafundi wenzake wanavyosema, kisha akalipa kivumishi cha Kifaransa, *complet*. Neno linalochukua kivumishi cha lugha mwenyeji limekwisha kuwa sehemu ya usemi wa mwenyeji. Litafsiriwe kama maneno mengine.

Ukikwama, jaribu hivi: futa neno kwenye nakala, kisha tazama kama msomaji angeweza kuikamilisha kazi kwa kuambiwa maana yake tu. Kwa restart, angeweza. Kwa RESET, angebaki ameduwaa mbele ya safu ya vitufe.

Hatua ya 4: Jua tafsiri inakwenda wapi

Yote niliyosema yanadhani kwamba msomaji ni mwendesha mashine. Kama picha ni kielelezo katika uchunguzi wa ajali, hesabu inabadilika: huenda anayechunguza anataka kujua kama mfanyakazi asiyejua Kiingereza angeielewa karatasi hiyo. Huko mchanganyiko wenyewe ni habari, kwa hiyo usiufiche. Acha restart mahali pake na uweke maelezo ya Kiswahili katika mabano ya mraba. Muulize mteja matumizi kabla ya kuanza. Ni swali la sentensi moja.

Hatua ya 5: Jenga sentensi ya Kiswahili

Neno geni likisimama peke yake katika Kiswahili halina ngeli, na sentensi huanza kuyumba pale upatanisho unapohitajika. Litangulizie nomino yetu: *kitufe cha RESET*. Sasa *kitufe* ndicho kinachobeba upatanisho, na jina linabaki safi.

Kisha angalia *complet*. Linaeleza restart, halielezi tanuri, kwa hiyo "tanuri lote" ni kosa. Vilevile Kifaransa hapa kimetumia nomino tupu: hakisemi kama tanuri litajianza lenyewe au kuna mtu atakayelianzisha. Kitenzi cha Kiswahili kingetulazimisha kuchagua, na karatasi haitupi msingi wa kuchagua. Mimi huacha wazi kwa kutumia "ni ku-":

```
Usibonyeze kitufe cha RESET kabla taa ya kijani haijazimika,
la sivyo ni kuanza upya kabisa na tanuri.
```

Kwa faili ya uchunguzi:

```
Usibonyeze RESET kabla taa ya kijani haijazimika,
la sivyo restart [Kiingereza: kuanza upya] kamili ya tanuri.
```

Toleo la pili si zuri sikioni, na halikusudiwi kuwa zuri.

Hatua ya 6: Jaribu kwa picha

Mpe mtu asiyejua Kifaransa toleo la kwanza pamoja na picha ya paneli, kisha mwambie aonyeshe kitufe kwa kidole. Akionyesha papo hapo, imekaa. Akianza kusoma vitufe kimoja kimoja, huenda jina kwenye karatasi haliendani na lililo kwenye mashine: aliyeandika ameweka RESET, kitufe kimechapishwa RST. Hapo nakala yako ya Hatua ya 1 isiguswe. Badilisha tafsiri pekee, iwe "kitufe cha RESET (kimeandikwa RST)", na umjulishe mteja kwamba nyongeza hiyo imetoka kwenye paneli, haimo kwenye karatasi.