Kuunganisha skuta ya umeme na apu ya simu, na jinsi ya kujua ni nani anayekata mawasiliano

Wakuu, somo hili nimelilenga kwa wenye skuta za mtumba, zile zinazoingia kutoka Dubai na Ulaya, kwa kuwa ndizo zinazosumbua zaidi kwenye apu. Mwenye baiskeli ya umeme naye atafuata hatua hizihizi. Simu ninayoitolea mfano ni ya Android.

Hatua ya 1: kabla hujalipa. Mwambie muuzaji aiondoe skuta kwenye akaunti yake mbele ya macho yako. Skuta nyingi huandikishwa kwa mtu mmoja, na mpaka aiachie mwenyewe, apu itakukatalia. Kama muuzaji naye aliinunua kwa mtu na hana akaunti ile, basi unanunua skuta isiyo na apu, na bei ishuke. Jambo jingine ni eneo. Apu hizi huuliza uko nchi gani unapojisajili, na skuta iliyotengenezwa kwa soko la China mara nyingi haikubali kuunganishwa ukiwa umechagua eneo jingine.

Hatua ya 2: usianzie kwenye orodha ya Bluetooth ya simu. Wengi huiunganisha huko kama spika, halafu apu ikiitafuta haiipati. Skuta hutumia Bluetooth ya nguvu ndogo, na anayetakiwa kuitafuta ni apu yenyewe. Jina lake likiwa limo kwenye orodha ya simu, liguse, uchague `Forget`.

Hatua ya 3: ruhusa. Android 12 na kuendelea, apu ipe ruhusa ya `Nearby devices`. Kuanzia Android 6 hadi 11 inahitaji `Location`, na hapa ndipo watu hukwama: ruhusa peke yake haitoshi, hata `Location` ya simu nzima lazima iwe imewashwa. Isipowashwa, apu itazunguka kutafuta bila kuona chochote, wala haitakuambia sababu.

Hatua ya 4: kuunganisha. Washa skuta, simama nayo karibu, na uzime Bluetooth ya simu nyingine yoyote iliyowahi kuiendesha. Skuta nyingi hupokea simu moja tu kwa wakati. Ikishashikwa na ya kwanza, inaacha kujitangaza, na yako haitaiona. Apu ikiipata, huenda ikakuomba ubonyeze kitufe cha kuwashia kuthibitisha. Bonyeza mara moja na uachie, ukikishikilia utaizima.

Sasa kukatika. Nawaomba sana, kabla hujafuta apu na kuipakua upya, jiulize swali moja: mawasiliano yanapokatika, skrini ya skuta inafanya nini?

Skuta yangu ilikuwa inakata kila nikivuka tuta. Nilibadilisha simu, nikabadilisha apu, nikahangaika wiki mbili. Siku moja nikaiegesha, nikaunganisha simu, kisha nikashika usukani na kuutikisa taratibu mbele na nyuma huku nikiangalia skrini ya skuta. Ikazimika kwa kitambo kidogo, ikawaka tena, na papo hapo apu ikaandika kwamba imepoteza skuta. Bluetooth haikuwa na kosa lolote. Bodi ya Bluetooth kwenye skuta nyingi imo ndani ya dashibodi ileile yenye skrini, kwa hiyo umeme ukikatika pale, na mawasiliano yanakufa.

Nilizima skuta, nikafungua skrubu za dashibodi na kufuata waya unaoshuka ndani ya nguzo ya usukani. Plagi yake ilikuwa na kutu ya kijani kwenye pini mbili, kwa huu unyevu wetu wa pwani. Niliisugua kwa brashi ya meno na spiriti ya kusafishia saketi, nikaiacha ikauke kabisa, nikapaka grisi ya silikoni kidogo na kuifunga kwa tai ya plastiki isicheze. Tangu hapo haijakata. Angalia pia pale skuta inapokunjwa, maana waya hubanwa hapo ukikunja na kukunjua kila siku. Kama bado una dhamana, mpelekee aliyekuuzia kabla ya kufungua chochote.

Skrini ikibaki inawaka huku apu inakata, mshukiwa ni simu. Ikikata dakika chache baada ya kuzima kioo cha simu, huo ni mfumo wa kutunza chaji unaoilaza apu. Nenda kwenye mipangilio ya apu hiyo, sehemu ya betri, uchague `Unrestricted`. Simu nyingine zina programu ya pili ya kusafisha kumbukumbu, na humo pia uiruhusu.

Ukitaka ushahidi, pakua `nRF Connect`, ni ya bure. Funga apu ya skuta, uiunganishe skuta kwa hii, uiache mpaka ikate, kisha usome kumbukumbu zake:

```
Error 8 (0x8): GATT CONN TIMEOUT
Error 19 (0x13): GATT CONN TERMINATE PEER USER
```

Namba 8 maana yake simu ilisubiri ikaona kimya: mawimbi yamepotea, au skuta imezimika ghafla kama yangu. Namba 19 maana yake skuta yenyewe imekata simu. Humo pia utaona nguvu ya mawimbi kwa `dBm`. Ikiwa karibu na -60 uko salama. Ikifika -90, kukatika ni suala la muda tu.

Maswali ya wanachama

*Kaka, asante kwa somo. Mimi niko Mombasa, simu naiweka kwenye mkoba wa mgongoni. Nikisimama inashika, nikianza safari inakata. Skrini haizimiki.*

Dada yangu, hapo ni mwili wako. Bluetooth hutumia mawimbi ya 2.4 GHz, ambayo maji huyanyonya vizuri, na miili yetu kwa sehemu kubwa ni maji. Ukipanda, unasimama katikati ya simu na dashibodi. Ihamishie mfuko wa mbele au kishikio cha usukani, kisha utujulishe.

*Mkuu, nimejaribu hiyo nRF Connect. Inakata kila baada ya sekunde chache, namba 19 tu. Skuta imeharibika?*

Hapana mkuu. Baadhi ya skuta husubiri nywila inayotumwa na apu yake rasmi. Isipofika, inamkata mgeni. Kwa skuta ya namna hiyo tumia nRF Connect kupima nguvu ya mawimbi tu, bila kuunganisha. Kama ni apu rasmi ndiyo inayokatwa hivyo, rudia hatua ya 2, kisha uiunganishe upya.

*Shikamoo fundi. Ikikatika nikiwa kwenye mwendo, skuta inaweza kusimama barabarani?*

Marahaba. Apu ikikatika peke yake, hapana. Mota haiitegemei simu. Lakini skrini nayo ikizimika, hilo ni jambo tofauti kabisa. Kwenye skuta nyingi, waya wa kichapuzi na ule wa breki ya umeme hupita kwenye dashibodi hiyohiyo. Ikizimika, mota inaacha kuvuta na breki ya umeme haishiki, unabaki na breki ya kebo peke yake kama ipo. Ukiona dalili hiyo hata mara moja, shuka, uisukume hadi nyumbani, na usiipande tena mpaka plagi ile imeshughulikiwa.