Rafuni 420, kaunta 495: unavyodai tofauti yako

Nimekaa kaunta za supamaketi miaka kadhaa, kwanza keshia baadae supavaiza, kwa hiyo hili la bei ya kaunta kuzidi ile ya lebo ya rafuni nimeliona kutoka upande wa pili. Mara nyingi sio wizi. Bei ya kaunta inatoka kwenye sistimu, lebo ya rafuni inabandikwa na mtu kwa mkono. Ofa ikiisha sistimu inarudisha bei ya zamani yenyewe usiku, lebo inabaki pale mpaka mtu akumbuke kuitoa, na asubuhi wewe ndio unakuta.

Tuchukue mfano. Umebeba chupa 3 za sabuni ya maji, lebo inasema 420, risiti inasema 495. Tofauti ni 75 kwa chupa, mara 3 ni 225.

Hatua ya 1, angalia skrini wakati keshia anaskani. Ukishtuka kabla hujalipa mambo ni mepesi, mwambie "hii rafuni ni 420, naomba mcheki". Ila jua kwamba nchi nyingi sheria inachukulia lebo kama mwaliko tu, mauzo hayajafungwa mpaka ulipe, kwa hiyo wanaweza kukataa kukuuzia kwa 420 na wewe una haki ya kuziacha hapo hapo. Ukishalipa unadai hela uliyotozwa zaidi ya ilivyotangazwa, na kutangaza bei ya kupotosha ni kosa sehemu nyingi, ndio maana mameneja wengi hawabishani sana.

Hatua ya 2, umeshalipa ndio ukaona. Usitoke nje. Soma risiti mpaka chini kabisa kwanza, maana mashine nyingi zinaandika bei kamili juu halafu punguzo linakuja mwishoni na alama ya kutoa. Nimeshaona watu wanagomba dakika kumi kumbe 225 yao imeshakatwa chini.

Hatua ya 3 ndio wengi wanaikosea. Rudi rafuni mwenyewe upige picha KABLA hujamwambia mtu yeyote. Ukianza kulalamika kaunta atatumwa kijana kwenda kucheki, na kazi yake ya kwanza akikuta lebo imepitwa ni kuing'oa, sio kwa ubaya, ndivyo tulivyofundishwa, sasa ukifika wewe hakuna kitu. Piga mbili, moja ya mbali ionyeshe lebo na bidhaa zilizo juu yake, nyingine ya karibu maandishi yasomeke.

Ukiwa hapo soma lebo vizuri, kwa sababu nusu ya madai niliyopokea yalifia hapa. Namba ndogo pembeni inaweza kuwa bei ya lita moja, sio ya chupa. Pengine 420 ni ya wenye kadi ya uanachama tu. Au lebo ni ya saizi nyingine na mteja mwenzako amerudisha chupa sehemu siyo. Hii ya mwisho unaijua kwa bakodi, lebo nyingi zina namba za bakodi kwa chini, linganisha tarakimu 4 au 5 za mwisho na zilizo kwenye chupa. Zikifanana lebo ni ya bidhaa yako, zisipofanana hapo huna dai. Angalia na tarehe ya mwisho wa ofa. Kama imeandikwa na imepita dai lako linalegea, ingawa meneja muungwana bado atakulipa kwa sababu kuitoa ilikuwa kazi yao.

Hatua ya 4, nenda dawati la huduma kwa wateja na risiti, chupa na picha. Usimgombeze keshia, bei hajaipanga yeye na mara nyingi hana hata ruhusa ya kurudisha hela. Sema kwa kifupi, "nimetozwa 495, lebo ni 420, chupa ni 3, naomba 225 yangu". Taja hesabu mwenyewe, inafupisha mambo.

Wakikataa muulize meneja sababu, andika jina lake la kwanza na saa, kisha peleka malalamiko kwa maandishi makao makuu ukiambatanisha picha na risiti. Wakikaa kimya ndio unaenda mamlaka ya kulinda walaji.

Wakikubali, mashine nyingi haziwezi kurudisha 75 peke yake. Supavaiza anarudisha chupa zote 3, yaani 1,485, halafu anaziuza upya kwa 1,260. Sasa hapa kaa macho, akiskani tu bila kubadilisha bei kwa mkono sistimu itatoa 495 ile ile, na mimi mwenyewe nimeshafanya hivyo foleni ikiwa ndefu. Soma risiti mpya ukiwa bado umesimama hapo. Kama ulilipa kwa kadi hela kawaida inarudi kwenye kadi na inaweza kuchukua siku kadhaa, kwa hiyo risiti zote mbili usizitupe mpaka uione imeingia.