Somo: Kukatwa mshahara kwa kuchelewa kazini, na namna ya kutambua makato yasiyo halali (Kenya)

Kila mwisho wa mwezi, hati za mshahara zinapotoka, naulizwa swali lile lile: "Nilichelewa kidogo, wamenikata siku nzima, je, wana haki?" Nimelijibu kwa mtu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo leo nimeamua kuliandika kikamilifu mara moja. Nilifanya kazi miaka tisa katika ofisi ya rasilimali watu ya kiwanda cha nguo, nikiwa upande wa wanaokata, na kosa ninaloeleza katika hatua ya nne nililitenda mimi mwenyewe. Sheria ninayoizungumzia ni Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007.

Hatua ya 1. Chukua hati ya mshahara ya mwezi husika. Kifungu cha 20 kinamtaka mwajiri akupe, na kila kato lionyeshwe pamoja na sababu yake.

Hatua ya 2. Soma mkataba wako uone kama unalipwa kwa mwezi, kwa siku, kwa saa au kwa kipande. Anayelipwa kwa saa, asipofanya kazi saa moja, hakuichuma saa hiyo, na kutolipwa kwake si faini. Sehemu kubwa ya somo hili inamhusu anayelipwa kwa mwezi.

Hatua ya 3. Soma kifungu cha 19. Hapo ndipo sheria inapoorodhesha makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya, na jambo lisilo katika orodha hiyo halikatwi. Kuhusu mahudhurio, kifungu kinamruhusu mwajiri kukata kiasi kisichozidi mshahara wa siku moja kwa kila siku ya kazi ambayo mfanyakazi hakuwepo kazini *siku nzima*, bila ruhusa wala sababu halali. Maneno hayo mawili ndiyo kiini cha somo hili. Aliyeingia saa 2:12 badala ya saa 2:00 asubuhi, akaketi kwenye cherehani hadi jioni, hakukosekana siku nzima, na kumkata siku nzima hakuingii katika ruhusa hiyo hata kidogo.

Tuchukue mfano. Mfanyakazi ana mshahara wa msingi wa shilingi 27,000 kwa mwezi. Kanuni iliyobandikwa ukutani inasema kwamba kila kuchelewa kunakatwa nusu siku. Mwezi huo amechelewa mara tatu, dakika 12 kila mara. Mhasibu anagawa 27,000 kwa siku 30, anapata 900, anachukua nusu yake ambayo ni 450, na kwa mara tatu anakata shilingi 1,350. Sasa tupime muda uliopotea kwa kweli. Amri ya jumla ya mishahara, inapokokotoa malipo ya saa za ziada, hugawa mshahara wa mwezi kwa 225 ili kupata thamani ya saa moja. Naitumia hapa kama kipimo tu. Kwa hesabu hiyo saa moja ya mfanyakazi huyu ni shilingi 120, na dakika 36 alizochelewa kwa jumla ni shilingi 72. Amekatwa karibu mara 19 ya thamani ya muda uliopotea. Tofauti hiyo ya shilingi 1,278 haikufidia kazi yoyote ambayo haikufanyika. Ni adhabu, na orodha ya kifungu cha 19 haina nafasi ya adhabu.

Hatua ya 4. Usidanganywe na fomu ya ridhaa, na kama wewe ni mwajiri, usiitegemee.

Hapa ndipo nilipokosea. Tulipoambiwa kwamba faini zetu za kuchelewa zina walakini, nilitunga fomu fupi yenye maneno "Nakubali kukatwa mshahara wangu iwapo nitachelewa", nikawapa wafanyakazi wote waisaini siku moja kabla ya malipo, nikaamini kwamba jambo limekwisha. Afisa wa leba alipokuja kukagua, alizisoma fomu tatu tu, akafungua kifungu cha 19 na kuniwekea kidole kwenye aya inayohusu maombi ya maandishi ya mfanyakazi. Aya hiyo inaruhusu mwajiri kukata fedha ambazo mfanyakazi ameomba zikatwe, kwa sharti kwamba mwajiri mwenyewe hana faida yoyote katika fedha hizo, ya moja kwa moja wala ya kuzunguka. Mchango wa chama cha akiba unaingia hapo. Faini inayobaki kwenye akaunti ya kampuni haiwezi kuingia, hata mfanyakazi angeisaini mara kumi. Tulirudisha fedha za miezi saba, na nilizipeleka bahasha hizo mwenyewe, meza kwa meza. Mama mmoja wa kitengo cha vifungo alihesabu zake mara mbili mbele yangu, kisha akaniuliza kwa upole kwa nini nilimsainisha. Sikuwa na jibu.

Basi, onyo la kwanza: saini haihalalishi kato ambalo sheria haikuliruhusu. Onyo la pili: kubadili jina hakusaidii. Nimeona hati zilizoandika "marekebisho" au "muda usiofanyiwa kazi", ilhali hesabu ni ile ile ya nusu siku kwa dakika kumi. Tazama hesabu, usitazame jina. Onyo la tatu ni kwa mfanyakazi: ikiwa umeshasaini fomu ya namna hii, usiirarue wala usiifiche, kwa maana ni ushahidi kwamba makato yalipangwa na mwajiri.

Hatua ya 5. Tofautisha faini na nidhamu. Mwajiri ana haki kamili ya kutaka watu wafike kwa wakati: anaweza kuweka saa za kuingia, kudai taarifa mapema, kutoa onyo la mdomo, barua ya onyo, na barua ya kutakiwa kujieleza. Mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi anatakiwa awape maelezo ya maandishi ya kanuni za nidhamu. Kuchelewa kwa kurudiarudia baada ya maonyo kunaweza kumfikisha mtu kwenye kuachishwa kazi kihalali, ila kifungu cha 41 kinataka kwanza aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa na asikilizwe, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Kwa hiyo anayedhani namwambia achelewe apendavyo hajanielewa. Mwajiri anaweza kumwachisha mchelewaji sugu kwa utaratibu, lakini hawezi kumnyang'anya mshahara aliokwisha kuuchuma.

Hatua ya 6. Andika barua fupi kwa mwajiri, taja mwezi, kiasi na hesabu, omba urejeshewe, baki na nakala iliyopigwa muhuri au kusainiwa na mpokeaji. Usipojibiwa, nenda ofisi ya leba ya kaunti yako. Kifungu cha 25 kinamtaka mwajiri arudishe kilichokatwa isivyo halali, na kukata kinyume cha sheria ni kosa la jinai. Muda wa kudai ni miaka mitatu, lakini makato yanayojirudia kila mwezi yanaweza kuhesabiwa kuwa dhara endelevu, ambalo hudaiwa ndani ya miezi 12 tangu likome. Usingoje.

MASWALI YA WANACHAMA

Kibarua wa Ruiru: Mimi nimekatwa 2,000. Nifanyeje?

Mwandishi: Umekatwa kwa sababu gani, kwa mwezi upi, na unalipwa kwa utaratibu gani? Hatua ya 1 na ya 2 zinauliza hayo. Bila majibu yake siwezi kukusaidia.

Kibarua wa Ruiru: Si useme tu kama ni halali au si halali.

Mwandishi: Ndugu yangu, shilingi 2,000 zinaweza kuwa za siku mbili ulizokosa kabisa, nazo zingekuwa halali, au za dakika ishirini, nazo zisingekuwa. Lete hati yako, ficha jina lako na la kampuni.

Dada wa Stoo: Shikamoo, mwalimu. Kwetu faini ya kuchelewa haiendi kwa kampuni, inaingia kwenye mfuko wa ustawi wa wafanyakazi, tunasaidiana wakati wa misiba. Je, hapo mwajiri hana faida, kwa hiyo inaruhusiwa?

Mwandishi: Marahaba, dada. Umesoma kwa makini, na swali lako ni zuri kuliko yote niliyopata. Sharti la faida ni moja kati ya mawili. La pili ni kwamba mfanyakazi awe *ameomba* kato hilo kwa maandishi. Mchango wa mfuko ulioamua mwenyewe, shilingi 200 kila mwezi, unakidhi yote mawili. Faini iliyowekwa na msimamizi haikuombwa na mtu, hata ikienda mahali pema. Angalia pia nani anausimamia mfuko: kama kampuni ndiyo inayoutumia kununua chai ambayo ingeinunua yenyewe, basi imefaidika kwa kuzunguka.

Meneja wa Zamu: Unawafundisha watu uvivu. Sisi tunapoteza uzalishaji wa laini nzima mtu mmoja akichelewa.

Mwandishi: Hasara hiyo naifahamu, nimeisimamia miaka tisa. Hatua ya 5 imekupa njia halali. Kama umetoa barua mbili za onyo na mtu bado anachelewa, mwite ajieleze.

Meneja wa Zamu: Na posho ya mahudhurio je? Tukimlipa 1,500 zaidi asiyechelewa, tukamnyima anayechelewa?

Mwandishi: Hilo linawezekana, mradi posho iwe nyongeza ya kweli juu ya mshahara uliokubaliwa, na sharti lake liandikwe mapema. Lisilokubalika ni kuchukua mshahara wa 27,000, kuugawa kuwa 25,500 na posho ya 1,500, kisha kusema hujamkata mtu. Mabadiliko ya masharti ya mkataba yanahitaji kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi.

Mtanzania wa Mwanza: Samahani kaka, huku kwetu ni vivyo hivyo?

Mwandishi: Msingi unafanana, maneno ni tofauti. Kwenu ni kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: kato lazima liruhusiwe na sheria, mkataba wa pamoja, amri ya mishahara, hukumu au tuzo, au mfanyakazi akubali kwa maandishi kuhusu *deni*. Kuchelewa si deni. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa madai yasiyo ya kuachishwa kazi muda ni siku 60, mfupi mno ukilinganisha na wetu.

Fundi Cherehani: Sisi tunafika langoni saa 1:50, lakini foleni ya kupekuliwa inatufikisha kwenye mashine ya alama za vidole saa 2:06. Mashine inaandika tumechelewa.

Mwandishi: Hilo nimeliona kwa macho yangu. Kitabu cha mlinzi langoni kina saa ya kufika, na kinapingana na mashine. Omba kwa barua kilinganishwe nayo kwa siku husika. Wewe nawe andika saa yako ya kufika katika daftari kila asubuhi, siku ile ile, si mwisho wa mwezi.

Dada wa Stoo: Na mtazame saa ya mashine yenyewe. Yetu ilikuwa mbele kwa dakika saba. Niliipiga picha pamoja na simu yangu zikiwa bega kwa bega, siku tatu mfululizo, wakairekebisha.

Mwandishi: Asante, dada. Fundi, fanya hivyo kesho kabla ya kuweka kidole.