Somo: Kupandikiza miti na maua kwenye picha ya bustani tupu kwa vipimo vya mti uliokomaa

Mteja anayetazama picha ya pendekezo hapimi chochote kwa rula, bali huamini macho yake. Akiona mjakaranda umefika usawa wa dari ya nyumba, ataupangia maisha yake kwa kimo hicho: ataweka banda la gari chini yake na kupitisha bomba la maji kando yake. Somo hili linahusu jambo moja tu ndani ya kazi hiyo, yaani namna ya kuhakikisha kwamba kila mmea unaoupandikiza kwenye picha una ukubwa utakaokuwa nao kweli, mahali pale pale utakapopandwa. Ninatumia GIMP, ila hesabu ni ile ile katika programu yoyote ya kuhariri picha.

Mfano wetu ni bustani tambarare yenye upana wa mita 18 na kina cha mita 23, iliyozungukwa na ukuta pande tatu. Mteja ameomba mijakaranda mitatu, mfranjipani mmoja na tuta la mawaridi kando ya njia.

Hatua ya kwanza: fimbo

Kazi ya vipimo huanza uwanjani, kabla ya kompyuta kufunguliwa. Tafuta fimbo iliyonyooka yenye urefu wa mita 2 kamili, kisha uifunge utepe wa rangi kali katika kimo cha lenzi ya kamera yako, ambacho kwa mtu aliyesimama huwa karibu mita 1.6. Simama usawa wa ardhi na wala si juu ya ngazi ya baraza, shika kamera bila kuiinamisha, na utumie lenzi ya kawaida ya simu badala ya ile ya picha pana, kwa sababu lenzi pana huvuta na kunenepesha vitu vilivyo pembeni. Piga picha moja ya bustani ikiwa tupu, kisha, bila kusogea, mwombe msaidizi asimamishe fimbo kila mahali utakapopanda kitu, nawe upige picha nyingine kwa kila mahali.

Fimbo hiyo inakupa mambo mawili. La kwanza ni kipimo cha moja kwa moja: ukijua mita 2 ni pikseli ngapi mahali fulani, unajua kimo cha mti wowote utakaosimama hapo. La pili ni mstari wa upeo. Kwenye ardhi tambarare, utepe ulio katika kimo cha lenzi utaangukia mstari mmoja wa mlalo katika picha zote, fimbo iwe karibu au mbali. Mstari huo ndio utakaotumia kusahihisha kazi yako yote, kwa hiyo uweke kwenye picha kwa `Image > Guides > New Guide` na usiuondoe mpaka mwisho.

Hatua ya pili: karatasi kabla ya picha

Chora bustani kama inavyoonekana kutoka juu, kisha kwa kila mti chora duara lenye upana wa taji lake, yaani mwavuli wa matawi, likiwa limekomaa. Mjakaranda katika mazingira mazuri hufikia mita 10 na zaidi kwa kimo, na taji lake hupanuka kiasi hicho hicho au kupita. Katika mfano huu nimechukua mita 11 kwa kimo na mita 11 kwa upana. Mfranjipani ni mti mdogo, nami nimeuwekea kimo cha mita 6 na taji la mita 5. Namba za vitabuni zichukuliwe kama mwanzo tu. Kipimo bora ni cha mti mzima wa aina hiyo unaokua kwenye udongo na mvua zinazofanana na za mteja wako.

Hapa ndipo ombi la mijakaranda mitatu linapokwama. Mataji matatu ya mita 11 yanahitaji mita 33, nasi tunazo 18. Hata miwili, kila mmoja ukiwa mita 5.5 kutoka ukutani ili matawi yasivuke kwa jirani, mashina yake yangeachana kwa mita 7 na mataji yangeingiliana kwa mita 4. Kwa hiyo pendekezo linabaki na mjakaranda mmoja, mita 6 kutoka ukuta wa kushoto na mita 15 kutoka kwenye kamera. Mfranjipani unakaa nyuma upande wa kulia, mita 20 kutoka kwenye kamera. Mweleze mteja jambo hili kabla hajaona picha yoyote, kwa maana akishaiona miti mitatu ni vigumu kumwondolea miwili.

Hatua ya tatu: hesabu ya pikseli

Picha yetu ina upana wa pikseli 4000 na kimo cha pikseli 3000, na mstari wa upeo uko pikseli 1500 kutoka juu. Kwa kifaa cha `Tools > Measure`, fimbo iliyosimama mahali pa mjakaranda ina pikseli 400. Kwa hiyo mita moja hapo ni pikseli 200, na mjakaranda wa mita 11 ni pikseli 2200 kwa kimo na pikseli 2200 kwa upana wa taji. Mahali pa mfranjipani fimbo ina pikseli 300, hivyo mita moja ni pikseli 150, na mti wake unakuwa na kimo cha pikseli 900 na taji la pikseli 750.

Sasa sahihisha kwa mstari wa upeo. Umbali kutoka chini ya shina la mjakaranda hadi kwenye mstari lazima uwe sawa na mita 1.6, yaani pikseli 320. Kwa mfranjipani ni pikseli 240. Kama shina lako linaanzia mahali pengine, mti umewekwa mbali au karibu kuliko ulivyokusudia, na kimo chake si cha kweli tena hata kama ulikihesabu sawasawa.

Angalia kinachotokea kwa mjakaranda. Mita 9.4 za mti huo ziko juu ya mstari wa upeo, nazo ni pikseli 1880, ilhali juu ya mstari tuna pikseli 1500 tu. Mti hautoshi ndani ya picha. Huu ndio wakati ambao picha nyingi za mapendekezo huharibika, kwa sababu mkono huenda wenyewe kwenye kona ya kifaa cha kupunguza na mti wa mita 11 unakuwa wa mita 8 ili uingie vizuri. Usiupunguze. Ongeza pikseli 500 juu kwa `Image > Canvas Size` na uendeleze anga. Ukipenda, acha kilele kikatwe na ukingo wa picha, jambo ambalo humweleza mteja ukubwa wa mti kwa uwazi kabisa. Njia ya tatu ni kurudi nyuma uwanjani hadi mti uwe karibu mita 19 kutoka kwenye kamera, ikiwa nafasi ipo.

Hatua ya nne: kupandikiza

Chagua picha ya mti mzima uliopigwa ukiwa umesimama chini kama ulivyosimama wewe, wenye pikseli zisizopungua 2200 kwa kimo ili usiukuze, na wenye mwanga unaotoka upande ule ule. Mwanga ukitoka upande wa pili, geuza picha ya mti kushoto kulia. Panga leya kuanzia kilicho mbali kuja kilicho karibu: mfranjipani kwanza, kisha mawaridi, kisha mjakaranda pale unapoyafunika.

Tuta la mawaridi huhitaji uangalifu wake. Linaanzia mita 8 kutoka kwenye kamera na kuishia mita 16, kwa hiyo mwaridi wa mita moja una pikseli 375 mwanzoni na pikseli 188 hivi mwishoni. Ukinakili shina moja kwa ukubwa mmoja tuta zima, ardhi itaonekana imeinuka kama ukuta. Tumia picha tatu au nne tofauti za mmea na upunguze kila mstari unaofuata.

Kwa kivuli, irudie fimbo. Katika picha zetu kivuli cha fimbo ya mita 2 kilianguka pembeni kwa mita 1.5, kwa hiyo kivuli cha mti wa mita 11 kina urefu wa mita 8.25. Kichore kwenye leya ya hali ya `Multiply`, kwa rangi iliyochukuliwa kutoka kwenye kivuli halisi cha ukuta, na ulainishe kingo za sehemu iliyo mbali na shina kwa `Filters > Blur > Gaussian Blur`. Chini ya shina weka weusi mwembamba na majani machache ya nyasi mbele yake, vinginevyo mti utaonekana unaelea.

Mwisho tengeneza picha ya pili ya siku ya kupanda. Mche mkubwa wa kitaluni wenye mita 2 una kimo cha fimbo yenyewe, pikseli 400. Usiupate kwa kupunguza picha ya mti mzima, kwa kuwa mche una shina jembamba na matawi machache, na umbo la mti mzima lililodogoshwa humdanganya mteja kuhusu kivuli atakachopata. Picha zote mbili ziandikwe chini yake: siku ya kupanda, na mti uliokomaa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, bustani ya mteja wangu ina mteremko. Mstari wa upeo bado unafaa?*

Ndugu, kwa kusahihisha mashina hautafaa, kwa sababu utepe hautaangukia tena mstari mmoja. Tegemea fimbo peke yake, na uisimamishe wima mahali pa kila mmea bila kuruka hata mmoja.

*Nilipewa picha na mteja aliye mbali, wala hakukuwa na fimbo. Nifanye nini?*

Tafuta kitu unachoweza kupimiwa: mwombe apime kimo cha mlango, cha ukuta au cha nguzo ya uzio. Kipimo hicho ni sahihi pale kitu kilipo tu. Mti ukiwa karibu zaidi na kamera, gawa umbali wa kitu kwa umbali wa mti, kisha zidisha jibu kwa pikseli za mita moja za kitu. Ukuta ulio mita 20 wenye pikseli 150 kwa mita unakupa pikseli 300 kwa mita kwa mti ulio mita 10.

*Dada mwalimu, je, ni vibaya kuonyesha mjakaranda na mawaridi vikiwa vimechanua pamoja?*

Chagua msimu mmoja na uuandike kwenye picha. Mjakaranda mara nyingi huchanua ukiwa umepukutisha majani, kwa hiyo taji lililojaa majani mabichi na maua ya zambarau tele kwa wakati mmoja halifanani na mti wenyewe. Zingatia pia mahali pa mawaridi. Yanahitaji jua la saa 6 hivi kwa siku, na katika picha ya mti uliokomaa tuta lililo chini ya taji litakuwa kivulini. Ndiyo sababu tuta letu liko nje ya duara la mita 11 tulilochora kwenye karatasi.

*Mteja anataka picha ya mwaka wa 5 pia. Nitajuaje kimo?*

Tafuta mti wa aina hiyo ambao mwenye nao anajua mwaka alioupanda, uupime, na uandike kwamba ni makadirio. Usigawanye kimo cha kukomaa kwa idadi ya miaka, kwa kuwa miti haikui kwa kasi moja maisha yake yote, na miaka ya kwanza hutegemea sana maji na udongo. Usipoupata mti wa kupima, baki na picha zako mbili.