Taa ya LOS ikiwa nyekundu

Intaneti ya faiba ikikatika, tazama kwanza taa mbili za kisanduku chake: PON na LOS. PON ikiwaka kijani bila kupepesa na LOS ikiwa imezimika, mwanga unaobeba intaneti ndani ya waya wa faiba unafika na kisanduku kimesajiliwa kwenye mtandao, kwa hiyo tatizo liko kwingine, pengine kwenye malipo au ruta. LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki au umefifia mno, na kuzima na kuwasha hakuungi waya uliokatika. Kagua tu ule waya mwembamba wa faiba unaoingia kwenye kisanduku: ukiwa umebanwa na kabati au umekunjwa kona kali, ulegeze taratibu, bila kuuchomoa wala kuchungulia ncha yake, kwani mwanga wake hauonekani lakini unaweza kudhuru macho.

Ukipiga simu, usiishie kusema intaneti haipo. Sema, kwa mfano: “Niko Uyole, Mbeya; LOS inapepesa nyekundu tangu saa mbili asubuhi, umeme upo, na jirani anayetumia huduma yenu naye hana mtandao.” Habari ya jirani ni muhimu sana, kwa sababu humwelekeza fundi kwenye laini ya mtaa badala ya waya wa nyumbani kwako. Andaa pia namba ya S/N iliyo kwenye lebo ya kisanduku.