Somo: Bonasi za kualika watu kwenye programu za fedha, zinavyolipwa na zinavyofungiwa

Ninaandika somo hili kwa sababu kila wiki wanachama wa kundi letu huniuliza maswali yale yale mawili: kwa nini bonasi ya mwaliko haijaingia, na kwa nini akaunti imefungwa. Majibu yote yako hapa chini. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

Hatua ya kwanza. Pakua programu kutoka Play Store au App Store, si kutoka kwenye faili uliyotumiwa na mtu WhatsApp.

Hatua ya pili. Hakikisha mtoa huduma ana leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, kwa kuwa orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya benki hiyo. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, kwa hiyo kuonekana kwa programu kwenye simu za watu wengi si uthibitisho wa lolote.

Hatua ya tatu. Fungua ukurasa wa vigezo na masharti ya promosheni yenyewe, si masharti ya jumla ya programu, kisha tafuta mambo manne: nani anahesabika kuwa mteja mpya, mteja huyo anatakiwa kufanya muamala gani, ndani ya siku ngapi, na kama bonasi inaweza kutolewa taslimu au inatumika kwa malipo tu. Watu wengi wanaolalamika kwamba hawakulipwa walialika mtu aliyejisajili na kuishia hapo. Kampuni hailipi kwa usajili mtupu, inalipa ili ipate mtu atakayeendelea kuitumia, na ndiyo maana karibu kila promosheni hudai muamala wa kwanza wa kiwango fulani.

Hatua ya nne. Namba ya mwaliko huingizwa wakati wa kujisajili, na mara nyingi haiwezi kuongezwa baadaye. Mwombe mwalikwa apige picha ya skrini inayoonyesha namba hiyo kabla hajabonyeza kitufe cha mwisho.

Hatua ya tano. Piga hesabu kabla ya kuondoka nyumbani. Tuchukue mfano wa promosheni inayompa mwalikaji shilingi 3,000 na mwalikwa shilingi 2,000, kwa sharti kwamba mwalikwa aweke shilingi 20,000 na afanye malipo ndani ya siku 14. Unapanda daladala kwenda kumsaidia rafiki kujisajili na kurudi, nauli inakuwa shilingi 1,200. Unamnunulia bando la shilingi 1,000 ili aweze kupakua. Umebakiwa na shilingi 800, na mchana umekatika. Rafiki yako, kama hakuwa na haja na huduma hiyo, atataka kuirudisha ile 20,000 mkononi kupitia kwa wakala, na hapo makato ya kutoa pamoja na tozo yanaweza kumeza karibu bonasi yake yote. Hesabu hii hubadilika kabisa pale mwalikwa anapokuwa mtu anayelipia umeme, king'amuzi au bidhaa za duka kwa simu kila mwezi, kwa sababu fedha yake haitolewi taslimu na wewe hukutumia nauli kumshawishi. Huyo ndiye mtu wa kumwalika. Watu wa aina hiyo katika simu ya mtu wa kawaida ni wachache, na wakiisha, kazi ya bonasi imeisha kwako.

Hatua ya sita, ambayo ndiyo inayofungisha akaunti. Kila mwalikwa ajisajili kwenye simu yake, kwa laini iliyosajiliwa kwa namba yake ya NIDA, na aweke fedha yake mwenyewe. Ninarudia: simu yake, laini yake, fedha yake. Binamu yangu anayeuza mboga Tandika alijisajili vizuri, kisha akawasajili mama yake, dada zake wawili na jirani wa genge kwenye simu ile ile, akiifuta programu na kuipakua upya kila baada ya mtu mmoja. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa na shilingi 20,000 ya ziada, alitumia ya kwake. Aliituma kwa mama, mama akailipa kwenye Lipa Namba ya rafiki yake mwenye duka, rafiki akamrudishia taslimu, akaiweka tena na kuituma kwa dada wa kwanza, na kuendelea hivyo mpaka jirani. Bonasi zote zilionekana kwenye skrini zikiwa na neno "Inasubiri". Siku chache baadaye akaunti zote tano zilifungwa kwa ujumbe kwamba zinafanyiwa uhakiki, na ndani ya akaunti yake kulikuwa na fedha ya mtaji wa mboga.

Tazameni jinsi jambo hili linavyoonekana kwa upande wa kampuni. Programu husoma utambulisho wa simu yenyewe, na kuifuta na kuipakua upya hakuufichi utambulisho huo kama watu wanavyodhani. Mfumo uliona simu moja yenye wateja watano, kiasi kile kile cha fedha kikizunguka kwa dakika chache, malipo yote yakiishia kwenye Lipa Namba moja, na baada ya hapo kimya. Mzunguko wa namna hiyo unafanana na wa mtu anayeficha chanzo cha fedha, na mtoa huduma ana wajibu wa kisheria wa kuusimamisha na kuuchunguza hata kama aliyeufanya ni muuza mboga. Hatimaye alirudishiwa fedha yake baada ya kupeleka kitambulisho na maelezo ya maandishi, lakini bonasi zilifutwa na akaunti haikufunguliwa tena.

Onyo ambalo wengi hawalifikirii ni hili: akaunti ilifungwa kwa namba ya NIDA, si kwa namba ya simu tu. Mama yake, ambaye hakuelewa hata alichosajiliwa, sasa hawezi kujiunga na huduma hiyo kwa jina lake. Ukimsajili mzazi wako kwa ajili ya bonasi ya shilingi elfu tatu, umeitumia nafasi yake ya kuwa mteja mpya, na ukifungiwa unafungiwa pamoja naye.

Hatua ya saba. Bonasi ikishaingia, usiitoe siku hiyo hiyo na kuiacha akaunti tupu, kwa sababu masharti mengi huruhusu kampuni kuirudisha baada ya ukaguzi, na salio linaweza kusomeka hasi. Hifadhi namba ya muamala.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Tabata: Somo ni refu sana. Wewe taja tu programu inayolipa zaidi kwa sasa.

Jibu: Promosheni hubadilika, na kiwango kikubwa huja na masharti makubwa. Soma hatua ya tatu.

Mwanachama, Ubungo: Nyumbani tuko watu wazima wanne, kila mmoja ana simu na laini yake, lakini wote tunatumia waifai moja. Je, tukialikana tutafungiwa?

Jibu: Swali zuri. Kutumia mtandao mmoja si kosa, na familia nyingi huishi hivyo. Mfumo haufungi akaunti kwa dalili moja, bali hujumlisha dalili kadhaa: mtandao mmoja, usajili uliopishana kwa dakika, kiasi kinacholingana, na fedha inayorudi ilikotoka. Ninyi mnazo simu nne za kweli na watu wanne wa kweli. Jisajilini kila mmoja anapoihitaji huduma, ikiwezekana kwa bando lake, na kila mmoja alipe kitu anachokilipia kwa kawaida. Hata hivyo soma masharti, kwa kuwa baadhi ya promosheni hutoa bonasi moja tu kwa kila kaya.

Mwanachama, Sinza: Kuna kijana anauza laini zilizokwisha kusajiliwa. Nikizitumia kwa usajili, mfumo utajuaje?

Jibu: Usifanye hivyo. Laini hizo zimesajiliwa kwa alama za vidole za mtu mwingine, na huo ni utumiaji wa utambulisho usio wako. Bonasi haihusiki tena hapo, ni suala la polisi. Kwa wengine mnaosoma: piga *106# muone kama kuna laini msiyoijua iliyosajiliwa kwa namba yenu ya NIDA, na mkiikuta nendeni kwa mtoa huduma wa laini hiyo ikafutwe.

Mwanachama, Mbagala: Mimi ni wakala. Wateja huniomba niwasaidie kujisajili. Ninaweza kuweka namba yangu ya mwaliko?

Jibu: Kwanza angalia kama promosheni inawaruhusu mawakala, kwa sababu baadhi huwatenga kwa kuwa tayari wanalipwa kamisheni ya usajili. Ikiwaruhusu, mwambie mteja waziwazi kwamba namba ni yako na unapata kitu, kisha mwache aandike mwenyewe. Usishike simu yake wakati wa namba ya siri, na usimwekee fedha ya kwako ili kufikisha kiwango. Mwaliko halali kwa wakala una alama moja: mteja anarudi mwezi ujao kufanya muamala bila kuitwa.

Mwanachama, Kigamboni: Yangu imefungwa jana. Nimefungua nyingine kwa laini ya mke wangu ili niulize kule ndani.

Jibu: Umeongeza dalili nyingine. Acha kuitumia hiyo ya pili. Andika barua pepe kwa huduma kwa wateja ukitaja namba ya akaunti, tarehe, kiasi kilichomo na chanzo chake, kisha dai namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Ukikosa majibu ya kuridhisha, Benki Kuu hupokea malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha, lakini watakuuliza kwanza kama ulianza kwa mtoa huduma mwenyewe. Kwa hiyo namba ile ya kumbukumbu itakufaa.

Mwanachama, Kimara: Nimepata ujumbe kwamba nimeshinda bonasi ya mwaliko, nitume shilingi 5,000 ya uhakiki ili nilipwe. Na kuna kundi ambalo kiingilio cha mtu mpya ndicho kinachogawanywa kwa walioalika. Hizo nazo ni bonasi?

Jibu: Hapana, zote mbili. Bonasi halali haidai ada ili uipokee. Ujumbe wa namna hiyo unaripotiwa bure kwa kuutuma kwenda 15040, pamoja na namba iliyokutumia. La pili ni upatu, na sheria yetu inautambua kuwa kosa. Mnaokumbuka upatu wa DECI mnajua ulivyoisha. Jiulize fedha ya bonasi inatoka wapi: kama inatoka kwenye mfuko wa matangazo wa kampuni, ni mwaliko. Kama inatoka kwenye kiingilio cha anayekufuata, ondoka.

Mwanachama, Mikocheni: Dada yangu yuko Uingereza, ananitumia fedha kila mwezi. Programu mpya inampa mtumaji mpya bonasi ya pauni 5. Ahamie huko?

Jibu: Kwa mara ya kwanza huenda inafaa, ila alinganishe kiasi kitakachokufikia wewe kwa shilingi, si bonasi. Akituma pauni 200 na kiwango cha kubadilisha kikawa chini kwa shilingi 40 kwa kila pauni, mmepoteza shilingi 8,000 kila mwezi, na bonasi italiwa ndani ya miezi michache. Afungue programu zote mbili kwa wakati mmoja, aandike pauni 200 kwenye kila moja, na asome mstari unaosema mpokeaji atapata kiasi gani baada ya makato. Alinganishe tena mwezi wa pili, kwa sababu baadhi ya kampuni humpa mteja mpya kiwango kizuri kwa muamala wa kwanza pekee.