Mwambie kabla hajakutambulisha kwao
Ikiwa unaonana na watu wawili katika wiki za mwanzo, si lazima umtajie mmoja jina la mwenzake, lakini jambo lenyewe mwambie mapema, kabla hamjalala pamoja na kabla hajakutambulisha kwa ndugu zake. Tuseme mmeketi mkahawani Westlands, naye anauliza Jumamosi utakuwa wapi, usibuni safari ya Thika, bali mjibu, "Naonana na mtu mwingine pia, sijaamua, na ni haki yako kujua." Akitaka kuondoka, usimbembeleze. Akibaki, uwazi huo unahusu afya pia: tumieni kondomu, kwa kuwa kipimo cha VVU cha kujipima nyumbani huenda kisionyeshe maambukizi ambayo hayajatimiza miezi 3.